Ujumbe Mrefu Usiku, Barua Ndani, Swali Hakuna

Umeingia saa tatu na nusu usiku, mrefu kiasi kwamba simu imeukata katikati na kuweka "Soma zaidi" chini yake. Unaanza na shikamoo, unaomba radhi kwa usumbufu, kisha unamwagika bila aya wala nukta. Baada yake limefuata faili la PDF lenye kurasa mbili. Aliyeandika ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka 31, anaishi na mama yake Temeke. Unausoma mpaka mwisho ukitafuta anachoomba, hukioni. Umeishia hivi: "Basi kaka, usiku mwema. Msalimie wifi."

Ujumbe huu nimeuunda mwenyewe kutokana na jumbe za aina hii ambazo wengi wetu tumewahi kuzipokea, na kila mhusika ndani yake ni wa kubuni. Sheria nitakazozitaja ni za kweli. Nimechagua barua ya kuachishwa kazi kwa sababu inambana msomaji kutoka pande mbili: maneno ya ujumbe yanaomba usikilize, na faili lina tarehe zisizomngoja mtu amalize kulia.

Sehemu ya ujumbe wenyewe inasema hivi:

"Kazi nimeachishwa kaka, barua nimekuwekea hapo chini. Sijamwambia mtu. Kila asubuhi naoga, navaa, natoka kama kawaida, nakwenda kukaa kwa rafiki yangu Tandika mpaka jioni, maana mama yupo nyumbani na presha yake unaijua. Juzi ameniuliza mbona siku hizi narudi mapema, nikamwambia tunafunga mahesabu haraka. Nimemdanganya mama yangu kaka. Na yule binti aliyekuja mwaka jana, nikamfundisha mimi mwenyewe kufunga hesabu za siku, ndiye amebaki. Siku nakusanya vitu vyangu hakuniangalia hata usoni."

Hesabu mistari. Kazi imetajwa mara moja na kupitwa. Mama yumo katika sentensi tatu za kipande hiki tu, na ukisoma ujumbe wote utamkuta tena na tena. Binti aliyebaki amepewa sentensi mbili, lakini ndizo zenye picha kali kuliko zote. Anayepokea ujumbe wa namna hii hukimbilia neno zito, yaani kazi, akajibu hilo. Kumbe aliyeandika ameshaonyesha mwenyewe mahali panapouma: anaporudia jambo, na anapolieleza kwa undani.

Kutouliza swali nako kuna sababu yake. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa moja kwa moja "nisaidie hiki". Anaeleza shida yake, anasalimia nyumba nzima, anaaga, na mkubwa anatarajiwa kuelewa. Kuna pia ambao kweli hawaombi kitu, wametaka tu mtu mmoja duniani ajue. Na kuna wanaoomba bila wao wenyewe kujua kwamba wanaomba. Kwa maandishi pekee huwezi kuwatenganisha watu hawa watatu, kwa hiyo anayejibu kwa kubahatisha hukosea mara nyingi.

Tuone majibu yanayokuja haraka. La kwanza ni "Pole sana mdogo wangu, Mungu akifunga mlango huu atafungua mwingine." Halina ubaya, ila lingeweza kutumwa kwa aliyeibiwa simu au aliyefeli mtihani. Mwandishi ameeleza siri aliyokaa nayo wiki tatu, naye amepata jibu lisiloonyesha kama ujumbe umesomwa. La pili ni maswali ya upelelezi: kwa nini ulisaini, kwa nini hukusema mapema, uliwakosea nini? Hapo amegeuzwa mshtakiwa. La tatu ni orodha: tafuta wakili, andika wasifu wako upya, jaribu kwa fulani anaajiri, fungua biashara ndogo. Kila kimoja kinaweza kuwa sahihi, ila saa tatu usiku, kwa mtu aliyechoka kuigiza, orodha ni mzigo mwingine.

La nne nalitaja peke yake kwa sababu ni la watu wema, nalo ni kutuma pesa. Shilingi 50,000 zinaingia kwenye simu kabla hata ya neno lolote. Bila shaka huenda zinahitajika. Lakini angalia kinachofuata: atajibu "Asante sana kaka, Mungu akubariki", na mazungumzo yamekwisha. Hakuomba pesa, na sasa ana deni la shukrani. Akiendelea kueleza habari ya mama ataonekana hajatosheka. Pesa zikitumwa kesho yake, baada ya maongezi, zitakuwa msaada. Zikitumwa kabla, zitasomeka kama njia ya kumnyamazisha, hata kama mtumaji hakukusudia hivyo.

Je, basi tusikilize tu? Hapa ndipo mashauri mengi ya siku hizi yanapopotoka. Yanasema usitoe suluhisho kamwe, mtu akilia msikilize, atapona. Frédéric Nils na Bernard Rimé wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Watu walionyeshwa filamu ya kutia majonzi, kisha wakazungumza na mtu kuhusu walivyojisikia. Wengine walijibiwa kwa kuelewa na kuwafariji tu, wengine kwa kuwasaidia kulitazama jambo upya. Waliofarijiwa walijisikia kuwa karibu zaidi na wenzao na upweke wao ulipungua, lakini majonzi yao hayakupata nafuu ya namna hiyo. Waliosaidiwa kutazama upya ndio ambao majonzi yao yalipungua. Kusikilizwa peke yake kulileta ukaribu, hakukuondoa uchungu.

Jibu la nini kitangulie limeonekana vizuri zaidi Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Wagonjwa walikuwa wengi na madaktari wa akili nchini walihesabika kwa vidole, kwa hiyo akawafundisha bibi hao kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Mpango huo unajulikana kama Benchi la Urafiki, na baadaye ulifika Malawi na Zanzibar pia. Kwenye benchi, bibi haanzi na ushauri. Anamwacha mtu ataje shida zake zote, kisha mtu huyohuyo, si bibi, anachagua ipi washughulikie kwanza. Ndipo wanatafuta hatua moja ndogo anayoweza kuifanya kabla ya kuonana tena. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, ukihusisha watu 573, ulichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya kila watu 100 waliopitia benchi, takriban 14 ndio waliobaki na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50.

Kilichonivutia katika mpango huo ni mpangilio wake. Bibi wale wana ushauri, tena mwingi kwa umri wao, ila wamefundishwa kuuweka nyuma ya orodha ya mgonjwa. Yule aliyeandika ujumbe akikaa kwenye benchi lile, huenda asichague kazi kabisa. Huenda akasema: nisaidie namna ya kumwambia mama.

Sasa turudi kwenye PDF, kwa sababu bibi wa Harare hawakupewa faili. Wewe umepewa, na lazima ulifungue usiku huohuo. Huna haja ya kulijibu, ila ulisome. Wengi hufanya kinyume: wanajibu ujumbe kwa pole nyingi na faili linabaki bila kufunguliwa, au wanalifungua na kuanza kuchambua vifungu kana kwamba ujumbe haukuwepo.

Barua hii ni ya tarehe 3 Machi, na ajira imekoma siku hiyohiyo. Ujumbe umetumwa tarehe 24. Kwa Tanzania Bara, mwenye madai ya kuachishwa kazi isivyo halali anapaswa kuyafikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Siku ya barua haihesabiwi, kwa hiyo siku ya mwisho ni tarehe 2 Aprili. Zimebaki siku tisa, na sikukuu na Jumapili zimo humohumo. Akichelewa anaweza kuomba aongezewe muda, ila atatakiwa kutoa sababu za maana za kuchelewa, na "nilikuwa naona aibu kusema" si sababu ya kuitegemea. Zanzibar na Kenya zina sheria zao na muda wao.

Endelea kusoma. Sababu iliyoandikwa ni kupunguza wafanyakazi kutokana na hali ya biashara. Malipo yaliyoorodheshwa ni mshahara wa siku alizofanya kazi, mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, na likizo ambayo hakuchukua. Kiinua mgongo hakimo. Amefanya kazi miaka minne na miezi miwili, na sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, kwa mfanyakazi aliyetimiza angalau mwaka mmoja mfululizo. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hana haki hiyo, lakini barua yenyewe haidai kosa lolote. Kwa hiyo hapa kuna mshahara wa siku 28 usioonekana. Chini ya ukurasa wa pili ipo sahihi yake juu ya maneno "Nimepokea nakala". Hiyo ni sahihi ya kupokea, haisemi kwamba amekubali. Kitu cha kumuuliza baadaye, kwa upole, ni kama alisaini karatasi nyingine yoyote inayosema hana madai zaidi, na kama hakusaini, asisaini kabla hamjaisoma pamoja.

Mpaka hapa faili limesema mengi. Lakini kuna jambo halikulisema, nalo liko kwenye ujumbe. Mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za biashara hatakiwi kugawa barua tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, kisha ashauriane na wahusika, pamoja na mambo mengine, kuhusu njia itakayotumika kuchagua nani aondoke. Sasa kumbuka yule binti: amekuja mwaka jana, kazi amefundishwa na aliyeondolewa, naye amebaki. Kwa mwandishi hilo ni kidonda cha moyo, amelieleza kama usaliti. Mbele ya msuluhishi hilo ni swali halali: mlitumia kigezo gani? Huenda mwajiri ana jibu zuri. Ila swali lisingejulikana kwa kusoma barua. Limejulikana kwa sababu mtu aliachwa amwage moyo wake na msomaji akaenda naye mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema usikilize kwanza, na haihusu upole peke yake. Barua imeandikwa na mwajiri, imebeba yale aliyotaka yaandikwe. Yaliyobaki yako kwenye maneno ya anayelia, yamechanganyika na mama na aibu na rafiki wa Tandika. Ukimkatiza kwa suluhisho la kwanza utakalolifikiria, utapata suluhisho la barua, si la mtu.

Ujibu nini basi, usiku uleule? Jibu fupi, lenye vitu viwili au vitatu kutoka kwenye ujumbe wake, na lisiloacha faili likining'inia. Kwa mfano:

"Marahaba mdogo wangu. Nimesoma yote, na barua nimeifungua pia. Wiki tatu unatoka asubuhi kama unaenda kazini ili mama asijue, huo mzigo umeubeba peke yako. Na yule binti uliyemfundisha, naelewa kwa nini limekuchoma. Kwenye barua kuna tarehe ambayo tutahitaji kuiongelea kabla wiki haijaisha, ila si lazima usiku huu. Nikupigie sasa uniambie yote, au ulale kwanza nikupigie kesho saa mbili?"

Angalia kilichofanyika. Ameitikiwa salamu yake. Ameambiwa faili limefunguliwa, kwa hiyo hatakaa akijiuliza kama atume tena. Mama na binti wametajwa, naye anajua amesomwa. Tarehe imetajwa bila kumtisha, kwa sababu kumficha nako ni kumkosea, siku zake zinahesabika. Na swali la mwisho linajibika kwa neno moja.

Swali hilo limeundwa hivyo makusudi. Wapo wanaofundisha kwamba uulize waziwazi: unataka nikusikilize tu, au unataka ushauri? Kati ya marafiki wa rika moja linafaa sana. Kati ya mdogo na mkubwa wake, katika familia nyingi ninazozifahamu, jibu litakuwa "vyovyote utakavyoona kaka", na utakuwa hujajua kitu. Afadhali kumpa hiari ndogo isiyomlazimisha kutamka ombi: sasa au kesho, simu au kuonana. Akisema "nipigie sasa", umeshapata jibu la lile swali kubwa. Akisema "kesho kaka, ila hiyo tarehe ni ya nini?", pia umelipata, na hapo usimnyime, mweleze yote uliyoyaona.

Kwenye simu, mwache azungumze. Utajua hajamaliza akirudia jambo lilelile kwa maneno mengine, au ukimpa wazo naye akajibu "ndiyo, lakini". Mara ya kwanza inaweza kuwa pingamizi la kweli. Ya pili na ya tatu zikifuatana, rudisha wazo lako mfukoni, umetangulia. Atakapokuwa tayari sauti itashuka, sentensi zitakuwa fupi, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atauliza. "Sasa kaka, hapo nafanyaje?" Ndilo swali ambalo halikuwepo kwenye ujumbe.

Hapo toa hatua moja. Hatua ya kesho kwa dada huyu ni kukusanya barua, mkataba wa ajira na hati za mishahara ya miezi ya mwisho. Kufika ofisi ya Tume na kujaza fomu ya malalamiko kunafuata keshokutwa, na mtu wa kufuatana naye awepo. Habari ya mama aichague mwenyewe: aseme lini, na kama anataka uwepo. Usimwahidi kwamba atashinda. Kazi ya kwanza ya Tume ni usuluhishi, na huko watu wengi humaliza kwa makubaliano ambayo hayampi kila mtu alichotaka.

Kuna ujumbe ambao utaratibu huu wote unawekwa kando. Mtu akiandika kwamba amechoka kuishi, akiaga kwa namna isiyo ya kawaida, akikuachia maagizo ya watoto au kukutumia faili la akaunti zake na nywila, usikae kutunga jibu zuri. Piga simu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa maneno hayohayo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, na kama uko mbali, mtafute aliye karibu naye ambaye yeye anamwamini, kisha afikishwe hospitali.

Faili nalo lina adabu yake. Usilirushe kwenye kundi la ukoo ukitafuta mwenye ujuzi, hata kwa nia njema. Katika mfano wetu, mama yumo kwenye kundi hilo. Kama unahitaji jicho la mwanasheria au mtu wa chama cha wafanyakazi, omba ruhusa kwanza, kisha tuma kwa mtu mmoja. Kama faili ni majibu ya hospitali, usijaribu kuyatafsiri kwa kusoma namba zilizokolezwa wino. Uliza tu daktari alisema nini na lini anarudi.

Na wewe ambaye kesho au keshokutwa utakuwa mwandishi wa ujumbe wa namna hii, andika kwa urefu unaoutaka, hakuna wa kukupunguzia. Ila ile tarehe iliyo ndani ya barua iandike kwenye ujumbe wenyewe, usiiache ndani ya faili peke yake. Utakayemtumia anaweza kuwa barabarani, bando limekwisha, au ana simu isiyofungua PDF.